Naomba ushauri: namna ya kumuelewesha mvuvi histogramu na boksi ploti

mwana_sahare:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga, nasaidia kupima pweza dikoni, na Jumamosi natakiwa nionyeshe slaidi mbele ya wavuvi, wachuuzi na kamati ya BMU. Juzi nilijaribisha kwa watu wanne nikawawekea boksi ploti ya uzito, mzee mmoja akauliza hilo boksi ndo tenga la pweza? Halafu kile kidoti cha juu akaniambia ni uchafu wa projekta, nifute. Histogramu nayo waliiangalia tu kimya. Nifanyeje jamani, maana kusema "kwataili" pale ni kujitafutia kuzomewa.

mwalimu_bagamoyo:
Histogramu mbona rahisi sana, ni zile nguzo tu. Mimi nilichora ya mwani, Mlingotini nguzo yake, Kaole nguzo yake, kina mama wakaelewa palepale.

NguruMkavu:
Mwalimu samahani, hiyo ni chati ya nguzo ya kawaida. Vijiji unaweza kuvipanga utakavyo, Kaole ikaanza au ikamalizia, hakiharibiki kitu. Kilo huwezi, nusu kilo lazima itangulie kilo, ndo maana nguzo za histogramu zinagusana.

mwana_sahare, usianze na boksi. Anza na pweza wenyewe. Slaidi ya kwanza weka picha ya pweza 11 kwenye mkeka, wamepangwa mdogo mpaka mkubwa, tuseme kwa kilo: 0.4, 0.5, 0.6, 0.7, 0.9, 1.1, 1.3, 1.6, 1.8, 2.2 na jitu moja la 4.5. Waulize nani yuko katikati, watakuonyesha wa sita, 1.1. Chora mstari hapo. Haya, watano wa kushoto nani katikati yao? 0.6. Watano wa kulia? 1.8. Slaidi inayofuata zungushia boksi kuanzia 0.6 hadi 1.8 na hapo wameshalijenga wenyewe, hamna wa kuuliza tenga. Mikia inafika 0.4 upande huu na 2.2 upande ule.

Yule wa 4.5 anabaki kidoti kwa sababu boksi lina urefu wa 1.2, mkia hauruhusiwi kwenda zaidi ya mara moja na nusu ya hapo, yaani 1.8, na 1.8 ukijumlisha na 1.8 ni 3.6. Hiyo hesabu usiwape, waambie tu "huyu yuko mbali na wenzake", basi. Ila rudi ukaangalie daftari, huenda ni pweza kweli, huenda aliyeandika alikosea mizani. Usifute kwa sababu ya sura.

Kibuyu77:
Nakubali, na waambie pale boksi lilipo refu ndo pweza wengi walipo, palipo fupi wachache.

NguruMkavu:
Hapana Kibuyu, hapo wengi wanateleza. Kila kipande kina karibu robo ya pweza, kirefu au kifupi. Kirefu maana yake wametawanyika, kifupi wamebanana. Ukitaka kuonyesha wengi wako wapi hiyo ni kazi ya histogramu.

BintiChumbageni:
Mi nimeziweka hizo namba zako kwenye Excel nikapata 0.65 sio 0.6, umekosea?

NguruMkavu:
Dada yangu hakuna aliyekosea, kuna njia zaidi ya moja. Angalia `Quartile Calculation`, itakuwa umeweka `Inclusive median`. Weka `Exclusive median` utapata 0.6. Kwa pweza wengi tofauti haionekani.

mwana_sahare:
Asante sana mkuu. Sasa histogramu, niliweka nguzo za kilo moja moja ikatoka kilima kimoja kinono.

NguruMkavu:
Pana mno hizo. Sheria inakataza pweza chini ya gramu 500, sasa nguzo yako ya kwanza, sifuri hadi kilo, imewachanganya halali na haramu. Tumia robo kilo, ukingo uangukie nusu kilo pale, nguzo za kushoto kwake uzipake nyekundu. Watu wataangalia hapo kwanza, na wengine watanuna.

mwana_sahare:
Nimefanya sasa hivi. Vimetoka vilima viwili! Kimoja karibu na nusu kilo, kingine karibu kilo mbili, katikati bonde. Nadhani kile kidogo ni kina mama wanaochokoa mwambani maji yakikupwa, kikubwa ni wapiga mbizi. Lakini boksi ploti yangu inaweka mstari wa kati bondeni kabisa, kilo na ushee, ambako pweza karibu hakuna.

NguruMkavu:
Ndo ugonjwa wa boksi huo, vilima viwili halivioni. Chora maboksi mawili, la kina mama na la wapiga mbizi, kwa mizani ileile.

Kibuyu77:
Au aliache kabisa boksi, aonyeshe histogramu mbili moja juu ya nyingine. Wavuvi hawana shida na kwataili zenu.

mwana_sahare:
Shida daftari la miezi ya mwanzo halikuandika nani kavua vipi. Ngoja kesho nikamuulize karani wa diko kama anakumbuka.