Picha ya plagi imepotea: pini tatu za mviringo kutoka Durban, ninunue adapta ipi?

Binti_Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Shangazi yangu ni fundi cherehani Durban na hivi sasa yuko kwenye basi, anakuja Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Atakaa wiki sita na sare zote atashona yeye, kwa hiyo amebeba pasi yake ya mvuke, ile nzito yenye tangi la maji. Kabla hajaondoka, binti yake alinitumia picha ya plagi ya pasi ili nimtafutie adapta mapema. Juzi simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo, haikuwaka tena, na picha imekwenda nayo. Shangazi mwenyewe anasafiri na kitochi, hawezi kupiga nyingine.

Ninachokumbuka: pini tatu, zote za mviringo, mbili ziko sambamba na moja iko peke yake, na hiyo ya peke yake ni nene kuliko wenzake. Kwetu soketi ni za kawaida, matundu matatu ya pembe nne.

Dukani nimeonyeshwa vitu viwili. Kuna adapta ndogo wanayoiita ya India, na kuna ile ya nchi zote yenye vitufe vya kusukuma. Muuzaji akaongeza kwamba naweza kukata plagi na kufunga ya hapa. Kipi ni sahihi?

Juma_Ngamiani
Dada, pini tatu za mviringo ni ya India, aina D. Nilimpeleka baba kutibiwa Chennai, nyumba ya wageni nzima ilikuwa na soketi hizo. Chukua hiyo adapta ndogo, usipoteze hela.

Mzigua_Ughaibuni
Kabla ya adapta nunua transfoma! Mimi nilitoka Minneapolis na blenda, nikaichomeka Korogwe kwa adapta tu. Ilizunguka kwa kasi ya ajabu, ikatoa moshi, ikafa palepale. Adapta haibadilishi umeme.

Fundi_Mstaafu
Mzigua, pole kwa blenda, lakini hiyo ni habari ya Marekani, umeme wao ni volti 120. Afrika Kusini ni volti 230 na mizunguko 50, sawasawa na Tanzania. Pasi ya shangazi haihitaji transfoma.

Juma, uko sahihi nusu. Zipo plagi mbili za pini tatu za mviringo zilizopangwa pembetatu vilevile, tofauti yao ni ukubwa tu. Ndogo ni D, ya ampea 5 kwa asili yake. Kubwa ni M, ya ampea 15. India wanazo zote mbili, ila kubwa wanaitumia kwa vyombo vizito. Afrika Kusini kubwa ndiyo ya kila siku, hata pasi ya nyumbani inakuja nayo.

Binti, kukumbuka kwamba pini moja ni nene hakutusaidii, kwa sababu kwenye zote mbili ile ya ardhi ni nene kuliko wenzake. Tena pini ya ardhi ya D ina unene uleule wa zile mbili za umeme za M, milimita 7. Ndiyo maana mtu akiangalia picha peke yake, bila kitu cha kulinganishia, anaweza kukosea. Hata picha ingekuwepo ningekuuliza vipimo.

Pasi iko wapi, anaweza kuifikia? Na ana rula?

Binti_Chumbageni
Asante mzee wangu, shikamoo. Pasi iko chini ya miguu yake, amekataa isiwekwe kwenye buti. Rula hana, ila ana futi ya fundi shingoni, hiyo haimtoki hata akilala. Wamesimama Tunduma, ngoja nimpigie.

Binti_Chumbageni
Amepima zile pini mbili zinazofanana. Anasema kati yake ni milimita 18, labda na nusu.

Juma_Ngamiani
Si nilisema? Nimeangalia jedwali, D ni 19, M ni 25. 18 na nusu iko karibu na 19. Ni ya India.

Fundi_Mstaafu
Marahaba Binti. Juma, hapa ndipo watu wanaponunua kitu kibaya, twende taratibu.

Namba za kwenye jedwali zinahesabiwa kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini nyingine. Shangazi ameambiwa apime "kati yake", na mshonaji akisikia hivyo anapima uwazi, yaani kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Sasa toa unene. Kwenye M, 25.4 ukitoa 7 unabaki na uwazi wa 18 na kitu. Kwenye D, 19 ukitoa 5 unabaki na 14. Kwa hiyo kama alipima uwazi, 18 na nusu ni M, na kama alipima katikati kwa katikati, ni D. Namba ni ileile, plagi mbili tofauti.

Mpigie tena. Mwambie aweke mwanzo wa futi kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza, asome ilipo ukingo wa kushoto wa pini ya pili. Kushoto kwa kushoto ni sawa na katikati kwa katikati, na haimlazimu kukisia kitovu cha kitu cha duara ndani ya basi. Tena asome upande wa inchi. Plagi hizi zilibuniwa Uingereza kwa inchi: M itaangukia inchi 1 kamili, D itaangukia robo tatu ya inchi. Hakuna cha kubahatisha.

Halafu aazime penseli. Pini moja ya zile mbili ina unene wa penseli, au ni nyembamba wazi?

Mama_Rehema
Na zile za Afrika Kusini mpya je? Mwanangu anasoma Pretoria, chaja yake ya laptopu ina pini tatu nyembamba karibu zimepangwa mstari mmoja, ya katikati imesogea kidogo tu.

Fundi_Mstaafu
Hiyo ni N, mama. Pini zake zina milimita 4 na nusu, na ya katikati imetoka nje ya mstari kwa milimita 3 tu. Binti anakumbuka moja iko peke yake na ni nene, kwa hiyo hiyo tumeshaiacha.

Binti_Chumbageni
Nimerudi. Kushoto kwa kushoto: inchi moja, anasema "imekaa juu ya mstari kabisa". Penseli ameazima kwa mtoto wa kiti cha mbele, anasema ukiziweka pamoja na pini hutofautishi unene. Ameniuliza kwa nini namtesa.

Kwa hiyo ni M?

Fundi_Mstaafu
Ni M. Mwambie pole, amepima vizuri.

Juma_Ngamiani
Nimekubali. Mimi ningemnunulia ndogo.

Kariakoo_Vifaa
Niongee kama muuzaji. Adapta ya D kwenda soketi ya hapa zimejaa madukani kwa sababu ya wasafiri wa India. Ya M ni adimu, na wauzaji wengi wanaziita zote "ya mviringo". Ukifika dukani nenda na penseli yako. Adapta ikiwa mkononi, haijachomekwa popote, jaribu penseli kwenye yale matundu mawili yanayofanana. Kwenye M mdomo wa tundu utaipokea, hata kama ndani kuna kifuniko cha kuigotesha. Kwenye D haiingii kabisa. Angalia pia iwe na fyuzi, na imeandikwa 13A.

Ile ya vitufe usimnunulie. Nyingi hazina nafasi ya pini nene hizo, na nyingi hazipitishi ardhi hata kidogo.

Fundi_Mstaafu
Naunga mkono, na sababu ni pasi yenyewe. Binti, muulize shangazi kibandiko cha chini ya pasi kinasema wati ngapi.

Binti_Chumbageni
2200W.

Fundi_Mstaafu
Gawanya kwa 230, unapata ampea 9 na nusu hivi. Adapta za vitufe nilizowahi kufungua ziliandikwa ampea 6, chache 10. Chaja ya simu haitaona tofauti, lakini pasi inayowaka saa tatu mfululizo itaipika. Dalili utaziona: plastiki inalainika kuzunguka pini, inageuka rangi ya kahawia, na inatoa harufu kama ya samaki. Na pasi ya maji, yenye bati chini, lazima iwe na ardhi. Waya ukichubuka ndani ukagusa bati, ardhi ndiyo inayokata umeme kabla mkono haujapigwa.

Kwa wiki sita za kushona kila siku, mimi ningebadilisha plagi. Adapta ya M ni nzito, na plagi yenyewe ni nzito. Zikining'inia pamoja kwenye soketi ya ukutani zinavuta kwenda chini, mguso unalegea, na panapolegea ndipo panapochemka. Funga plagi ya hapa yenye fyuzi ya 13. Usiweke ya 3 wala ya 5, zitakatika. Waya wa kahawia uende upande wa fyuzi, bluu upande wa pili, kijani chenye mstari wa njano kwenye pini ndefu ya juu.

Kariakoo_Vifaa
Mzee wangu, hapo nakupinga kwa heshima. Pasi si ya kwetu. Plagi ikiwa ya kuyeyushiwa kwenye waya, ukiikata hairudi, na shangazi atafika Durban na waya mtupu. Adapta nzuri yenye fyuzi inatosha, mradi asiichomeke ukutani moja kwa moja. Achomeke kwenye ekstensheni nzuri iliyolala sakafuni, uzito haupo tena.

Fundi_Mstaafu
Ya ekstensheni ni hoja nzuri, ila iwe ya waya wa milimita 1.5 na isiwe imekunjwa kama kamba wakati pasi inafanya kazi. Bado naona mguso mmoja ni bora kuliko mitatu.

Kuna njia ya kati. Tafuta soketi ya ukutani ya India ya ampea 16, yenye matundu makubwa, na kiboksi chake. Ifunge kwenye waya wa 1.5 wenye nyaya tatu, mwisho wake weka plagi ya hapa. Pasi haiguswi na hakuna kinachoning'inia.

Juma_Ngamiani
Nyumba ya babu Ngamiani ina soketi za zamani za mviringo. Asingechomeka huko moja kwa moja?

Fundi_Mstaafu
Nyingi nilizokutana nazo ni ndogo, za 5. Pima kwa penseli kabla hujamsafirisha shangazi. Na hata ikiingia, nyaya za nyumba hiyo zina umri gani?

Binti_Chumbageni
Wakuu, mrejesho. Duka la kwanza na la pili penseli iligoma, na wote wawili waliapa ni "ya South". La tatu iliingia. Ina fyuzi, imeandikwa 13A, nimeichukua, na ekstensheni ya 1.5 juu yake. Shangazi amefika jana usiku. Plagi yake imeyeyushiwa kwenye waya, kwa hiyo kukata amekataa katakata.

Asubuhi amepiga pasi dakika ishirini, nikazima, nikashika adapta: vuguvugu kama kikombe cha chai iliyokaa. Mzee, hiyo ni kawaida?

Fundi_Mstaafu
Vuguvugu sawa. Ishike tena baada ya saa moja ya kazi. Ukishindwa kuhesabu hadi kumi ukiwa umeishika, izime, nitafutie ile soketi ya 16 na waya, nije nikufungie.