Orodha ipi ya kukagua msimbo wa malipo: funguo kwanza au pesa kwanza?

dagaa_kibirizi: Wakuu, tuko watatu hapa Kigoma, tunaandika huduma ya kulipia dagaa kwa simu. Jumatatu inaingia kazini. Orodha yetu ya kukaguana iwe fupi, hatari kubwa juu. Mwenzangu anataka ianze na funguo za siri zilizosahaulika kwenye msimbo. Mimi nataka ianze na malipo kujirudia. Ipi?

Mnyamwezi_T: Hujasema kama mnapokea tu au mnatuma pia. Bila hilo utapangaje hatari?

dagaa_kibirizi: Tunapokea kwa wanunuzi, jioni tunawatumia wavuvi.

Bi_Ujiji: Kutuma Kasulu mtandao gani una makato nafuu jamani?

Mnyamwezi_T: Kama mnatuma, anza na kujirudia. Sehemu moja niliyofanya kazi hapa Tabora tulikuwa tunalipa wafuga nyuki. Mzee mmoja akatumiwa 180,000. Mtandao ukachelewa kujibu, programu ikaandika "imeshindikana", ikatuma tena kwa namba mpya ya ombi. Kumbe ya kwanza ilishafika. Mzee akapata 360,000, akazitoa zote kwa wakala siku ileile. Utamdai vipi?

Kutojibiwa si kushindikana. Lazima iwepo hali ya tatu, "haijulikani", na ikiwa hivyo unauliza kwanza muamala umefikia wapi, kwa namba ileile. Mkaguzi atazame namba ya ombi inaundwa wapi. Ikiwa inaundwa upya kila programu inapojaribu tena, msimbo urudi kwa mwandishi.

kijana_gungu: Mbona rahisi, kabla ya kuandika malipo angalia kama namba ipo tayari.

Mnyamwezi_T: Hapo uko nusu, mdogo wangu. Uthibitisho wa malipo ya mnunuzi unaweza kuletwa mara mbili kwa mpigo. Kwa kila mmoja programu inaangalia, haikuti kitu, inaandika; malipo yanaingia mara mbili. Databesi yenyewe ndiyo ikatae:

```sql
ALTER TABLE malipo
ADD UNIQUE (mtandao, namba_muamala);
```

La pili, uthibitisho wenyewe umetoka kwa nani? Kama seva inamwamini yeyote anayeijua anwani yake, mjanja atajitumia "amelipa" na kubeba dagaa bure.

mshirika_wa_dagaa: Mimi ndiye mwenzake. Ufunguo ukivuja, mtu anamaliza salio lote usiku mmoja. Huyo mzee alizidishiwa 180,000 tu!

Mnyamwezi_T: Sikatai. Ila funguo zinaweza kusakwa na programu kabla msimbo haujamfikia mkaguzi. Namba ya ombi inayobadilika inataka jicho la mtu.

mshirika_wa_dagaa: Na ufunguo unaochapwa kwenye logi wakati wa hitilafu? Programu yako inauona huo?

kijana_gungu: Kiasi cha pesa pia kisiwe `float`, weka `BIGINT`.

Mnyamwezi_T: Sawa, ila weka chini. Na huo wa kwenye logi, hapo umenibana kidogo.

Bi_Ujiji: Wavuvi mnawalipa jioni ya nini? Dagaa wanauzwa asubuhi, mtu anataka pesa ya mafuta palepale.

dagaa_kibirizi: Bi mkubwa, hilo nalo tunagombana.