Jedwali langu linasema deni litafika 80, jibu la zoezi linasema 61. Nakosea wapi?

Mwanafunzi_wa_Jioni
Wakuu, habari za muda huu. Tumepewa zoezi la nchi ambayo jina limefichwa. Deni la serikali mwaka jana lilikuwa asilimia 60 ya pato la taifa. Riba ni asilimia 8, uchumi unakua kwa asilimia 5, bei zinapanda kwa asilimia 6, na nakisi ya msingi ni asilimia 2 ya pato la taifa. Tunaambiwa tudhani hali itabaki hivyo miaka mitano.

Nimeandika hivi:

```
d = d * (1 + r) / (1 + g) + p
d = 60 * 1.08 / 1.05 + 2 = 63.7
```

Nikirudia mara tano nafika 79.7. Karatasi ya majibu inasema 61.0. Tofauti ya pointi 19 si ya kukadiria desimali. Kosa liko kwenye fomula au kwenye karatasi?

Daftari_Jekundu
Kwanza, hiyo 2 umeihakikisha haina riba ndani yake? Wengi huchukua nakisi nzima ya bajeti, na kwa kuwa fomula nayo inaongeza riba, riba inahesabiwa mara mbili.

Mwanafunzi_wa_Jioni
Nimehakikisha. Nakisi nzima kwenye jedwali ni 6.3, riba peke yake ni 4.3.

KapuLaMama
Mdogo wangu, mimi nina mkopo wa biashara, riba 18, na mauzo hayajakua mwaka wa pili. Usikope zaidi hapo, tafuta mtu akununulie hilo deni kwa riba nafuu.

Mwanafunzi_wa_Jioni
Dada, si deni langu, ni la zoezi 😀 Ila pole.

Mzee_wa_Jedwali
Fomula ni sahihi. Kosa liko kwenye namba uliyoiweka chini ya mstari.

Riba ya asilimia 8 ni riba ya fedha kama inavyolipwa, mfumuko wa bei umo humo. Ukuaji wa asilimia 5 umeshaondolewa mfumuko wa bei. Umepanga mmoja mwenye viatu na mwingine pekupeku, halafu unapima nani mrefu. Deni limeandikwa kwa fedha za leo, kwa hiyo pato la taifa nalo lazima liwe kwa bei za leo. Zidisha 1.05 kwa 1.06, upate 1.113. Sasa:

```
60 * 1.08 / 1.113 + 2 = 60.2
```

Endelea mpaka mwaka wa tano utaiona 61.0 yako.

Ukipenda kubaki na ukuaji wa 5, basi ivue riba nayo: 1.08 gawanya kwa 1.06 ni 1.019, yaani riba halisi ni kama asilimia 1.9. Gawanya hiyo 1.019 kwa 1.05 na jibu litakuwa lilelile. Njia zote mbili ni halali, kuchanganya ndiko kunakoharibu. Jambo moja la kuangalia: hiyo 6 iwe ni kupanda kwa bei za pato lote la taifa. Mfumuko wa bei wa kapu la mlaji unaweza kutofautiana nayo sana, hasa mwaka ambao bei ya mafuta yanayoagizwa nje imeruka.

Daftari_Jekundu
Na ndiyo maana mimi husema siku zote, ukuaji ukiizidi riba serikali haina haja ya kuhangaika na nakisi. Deni linajimaliza lenyewe. Marekani ilitoka 1946 na deni la kama asilimia 106 ya pato la taifa, kufika 1974 lilikuwa kama 23. Nani alilipa?

Mzee_wa_Jedwali
Nusu ya hiyo naikubali. Ukuaji na mfumuko wa bei vilifanya kazi kubwa, lakini usisahau kwamba mpaka 1951 benki kuu yao ilikuwa inazishikilia riba za dhamana za serikali zisipande, na miaka mingi ya kipindi kile bajeti ukiiondoa riba ilikuwa na ziada. Hapakuwa na nakisi ya kudumu.

Tazama zoezi hili hili. Ukuaji unaizidi riba, na bado uwiano unapanda kutoka 60 hadi 61. Kinachobadilika ni kwamba kupanda huko kuna dari. Dari unaipata kwa kuuliza ni uwiano gani ambao, ukipunguzwa na ukuaji kisha ukaongezwa nakisi, unarudi palepale:

```
p * (1 + g) / (g - r) = 2 * 1.113 / 0.033 = 67.5
```

Weka nakisi ya 4 badala ya 2 na dari inaruka hadi 135. Hapo "linajimaliza lenyewe" iko wapi? Tena mwendo ni wa kobe: umbali kati ya ulipo na dari hupungua nusu kwa miaka kama 23. Hakuna nchi itakayokaa na riba na ukuaji vilevile miaka 23.

Daftari_Jekundu
Dari ya 135 bado ni dari, mzee. Haliendi mbinguni.

Mzee_wa_Jedwali
Kama wakopeshaji watakubali kubaki na riba ya 8 deni likiwa 135. Fomula inazichukulia r, g na p kama watu wasiojuana, na ukweli ni kwamba wanaishi nyumba moja. Hapo hatutaelewana leo.

Mwanafunzi_wa_Jioni
Nimepata 61.0, asanteni sana. Sehemu ya pili inasema hatifungani mpya sasa zinauzwa kwa riba ya asilimia 12. Nikiweka 12 badala ya 8, riba inaupita ukuaji na uwiano unapaa tangu mwaka wa kwanza. Ndivyo?

Mzee_wa_Jedwali
Hapana. Riba ya 12 inagusa deni linalokopwa leo, si lile la zamani ambalo mkataba wake ni wa 8. Riba ya fomula ni wastani wa deni lote: chukua riba iliyolipwa mwaka huu, gawanya kwa deni la mwisho wa mwaka jana.

Tuseme moja ya tano ya deni huiva kila mwaka na kukopwa upya. Mwaka wa kwanza wastani ni 8.8, wa pili 9.4, unapanda taratibu. Utaipita 11.3, ambayo ndiyo ukuaji wako wa bei za leo, mwaka wa nane. Mikopo ya kuziba nakisi nayo inaingia kwa 12, kwa hiyo itakuwa mapema kidogo ya hapo. Ila kama deni lote ni la muda mfupi, la miezi sita au mwaka, basi hofu yako ni sahihi kabisa. Muda wa kuiva umepewa?

Mwanafunzi_wa_Jioni
Haupo kwenye jedwali. Kuna jingine linanisumbua. Nimejaribu fomula kwa mwaka uliopita, ambao riba, ukuaji na nakisi vilikuwa hivihivi. Deni lilianza 57, fomula inatoa 57.3, lakini kwenye jedwali lilifika 60. Pointi 2.7 zimetoka wapi?

Mzee_wa_Jedwali
Kuna deni la fedha za kigeni?

Mwanafunzi_wa_Jioni
Ndiyo, asilimia 40 ya deni lote. Na bei ya fedha ya kigeni ilipanda kwa asilimia 8 mwaka huo.

Mzee_wa_Jedwali
Basi hiyo imeeleza kama 1.8. Iliyobaki, 0.9, si riba wala ukuaji. Tafuta kama serikali ilibeba deni la shirika lake, au ilitambua malimbikizo ya wazabuni ambayo hayakuwa yameandikwa.

Mwanafunzi_wa_Jioni
Kuna safu imeandikwa "mengineyo" tu, namba 0.6. Ile 0.3 bado sijaiona.