Tupeane uzoefu: kuita waandishi wa habari pale taarifa ikiwa na embago

Nyamisati (mleta mada)
Wakuu, uzi huu ni kwa maofisa mawasiliano, wahariri na waandishi. Ili tusitawanyike, tuchukue mfano mmoja. Taasisi ya utafiti wa afya jijini Dar es Salaam ina matokeo yanayotoka kwenye jarida la The Lancet. Jarida linaruhusu habari itoke Jumatano, 13 Mei 2026, saa 23:30 za London, si kabla; hiyo ndiyo embago yake. Mkurugenzi anataka kuita waandishi Jumatano hiyohiyo saa 4 asubuhi, ili wawe na muda wa kuandaa habari. Mwaliko uandikweje?

Kamba Mbili
Kabla ya mwaliko, pigeni hesabu ya saa. Mwezi Mei London wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo tunawatangulia saa 2. Saa 23:30 zao ni 01:30 kwetu, usiku wa kuamkia Alhamisi. Mkutano ungekuwa Desemba tungewatangulia saa 3, na embago ingekwisha 02:30. Watu huikariri tofauti moja ya saa na kuitumia mwaka mzima, kisha habari inatoka saa nzima kabla ya wakati.

Kwenye mwaliko msiandike "saa 7:30 usiku, Alhamisi" peke yake. Mmoja ataelewa usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, mwingine usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, na anayesoma haraka kwenye simu atadhani ni saa 7:30 mchana. Andikeni hivi: "Alhamisi 14 Mei, 01:30 kwa saa za Afrika Mashariki (usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi)". Ni ndefu, lakini haina tafsiri mbili.

Chogo
Mbona jambo dogo hili. Andika EMBAGO kwa herufi kubwa nyekundu juu ya taarifa, tuma kwa kila chombo, basi. Ukishaandika hivyo hakuna anayeruhusiwa kuitoa, atakayekiuka anashitakiwa.

Dada wa Dawati
Chogo, upo sahihi kwamba neno likae juu kabisa, tena hata kwenye kichwa cha barua pepe, maana wengine hawafungui kiambatisho. Lakini embago ni makubaliano. Ukinitumia taarifa ambayo sikuiomba, yenye neno hilo juu, mimi sijakubali chochote bado. Kinachoishikilia ni uaminifu, pamoja na hofu ya kutopewa tena taarifa mapema.

Kwa hiyo tumeni kwanza mwaliko usio na matokeo. Uwe na mada kwa jumla, siku, saa, mahali na wazungumzaji. Mwandishi anayetaka nyaraka mapema ajibu kwa maandishi: "Nakubali kutotangaza wala kuchapisha kabla ya 01:30, Alhamisi 14 Mei." Akishajibu ndipo apewe taarifa kamili, yeye binafsi kwa barua pepe yake. Msiitupe kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lina watu 200, nusu yao hamjui wanafanyia chombo gani, na ikishasambazwa mara mbili hakuna atakayejua ilianzia kwa nani.

Kamba Mbili
Naunga mkono. Na hapo ndipo wazo la mkurugenzi la Jumatano asubuhi linapokwama. Ukiweka kamera kumi mbele ya meza, umeshatangaza. Televisheni za mtandaoni zinarusha mubashara kutoka kwenye simu, redio nayo inapiga sauti ya mzungumzaji kwenye taarifa ya mchana. Utawaambia wote wanyamaze kwa saa 15 na nusu? Mmoja akiteleza, jarida linaweza kuiondoa embago kwa dunia nzima, na lawama zinarudi kwa watafiti wenu.

Fanyeni mkutano Alhamisi saa 4 asubuhi, embago ikiwa imekwisha. Nyaraka ziwafikie waliokubali tangu Jumatatu au Jumanne, waandike kwa utulivu, wahoji watafiti kwa simu. Mkutano wa Alhamisi unakuwa wa picha, sauti na maswali, na aliyepo pale yuko huru kurusha mubashara.

Dada wa Dawati
Kwa televisheni na redio mpango huo ni mzuri. Kwa gazeti unaniumiza. Gazeti la Alhamisi linafungwa Jumatano jioni na kuchapwa usiku. Mitaani linafika alfajiri, baada ya 01:30, kwa hiyo kwa karatasi sijavunja kitu. Shida ni kwamba picha za kurasa za mbele huanza kuonekana mitandaoni usiku uleule, na gazeti la kidijitali linaweza kufunguka saa 6 usiku. Hapo nimetangulia kwa saa moja na nusu. Nikingoja gazeti la Ijumaa, habari imeshapoa.

Kamba Mbili
Njia salama ni habari ikae ukurasa wa ndani, isitajwe mbele, na toleo la kidijitali lifunguliwe baada ya 01:30.

Dada wa Dawati
Ukurasa wa mbele anaupanga mhariri mkuu, mkuu. Mwandishi aliyesaini makubaliano hana kauli pale. Bora ofisa mawasiliano aiulize ofisi ya habari ya jarida mapema, kwa maandishi, kama gazeti la asubuhi linakubalika.

Mtaa TV
Habari wakuu. Nina chaneli ya YouTube ya habari za mtaa. Mialiko yenu huwa inataja ithibati ya mwandishi. Naipata wapi, na ni shilingi ngapi?

Ngalawa
Mtaa TV, unachanganya vitu viwili, na si wewe tu. Kitambulisho cha uandishi wa habari Tanzania ni suala la Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, iliyoundwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kenya ni Baraza la Vyombo vya Habari. Chaneli ya habari mtandaoni ina pia suala la leseni ya TCRA. Hayo ni yako na mamlaka.

Ithibati ya mkutano ni orodha ya mwandaaji tu: nani anaingia, na kamera ngapi. Mwaliko uombe vitu vichache: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, chombo, namba ya kitambulisho, simu, na kama kuna gari na vifaa vya kamera. Taasisi za afya zina walinzi getini, gari lisilo kwenye orodha linageuzwa. Wekeni mwisho wa kujiandikisha, kwa mfano Jumatano saa 10 jioni.

Sasa kosa kubwa. Vyumba vya habari hugawa kazi kwenye kikao cha asubuhi. Aliyejiandikisha jana anatumwa mahakamani, anakuja mwenzake. Mlinzi hana jina lake, anamzuia, na mpigapicha naye amekwama nje. Kwa hiyo orodha ipangwe kwa chombo, jina likiweza kubadilishwa hadi saa 3 asubuhi siku ya mkutano. Ofisa wenu mwenye simu akae getini, si ukumbini. Na aliyechukua nafasi ya mwenzake hajasaini embago yoyote. Sababu nyingine ya kutofanya mkutano kabla ya 01:30.

Nyamisati
Asante sana. Vipi wazungumzaji? Mkurugenzi ana watu saba.

Dada wa Dawati
Watatu. Mtafiti mkuu, mtu mmoja wa kueleza matokeo yanamgusaje mgonjwa, na kiongozi wa taasisi. Waliobaki wakae mstari wa mbele kujibu maswali. Wakizungumza saba, kila mmoja dakika kumi, saa nzima na dakika kumi imekwisha bila swali hata moja, na wapigapicha wameshakunja vifaa.

Andikeni majina kamili na vyeo kama vitakavyosomeka kwenye skrini, maana tunavinakili hivyohivyo. Onyesheni nani atazungumza Kiswahili. Redio inahitaji sauti ya Kiswahili ya sekunde 20 au 30. Mtafiti akitumia Kiingereza mwanzo mwisho, nitamsimulia mimi, au nitamtafuta daktari mwingine nje.

Mgeni rasmi ambaye hajathibitisha asiandikwe kama mzungumzaji. Ukiandika waziri, mhariri anatuma mwandishi wa siasa. Waziri asipofika, huyo mwandishi hana habari, na wa afya hakutumwa.

Pwani Kasi
Sisi Kilifi tuna tamasha la mashua kila mwaka na tunaita waandishi kutoka Mombasa. Hatujawahi kutumia embago na wanakuja wengi, ilimradi nauli ipo. Kwenye mwaliko mnaandika kiasi cha nauli au mnawaambia wakifika?

Ngalawa
Tamasha halihitaji embago, kaka, hakuna cha kuzuia. Nauli ndiyo pagumu. Msimamo wangu: kama safari ni ndefu, mwandaaji alete gari la pamoja na mwaliko useme linaondokea wapi na saa ngapi. Bahasha mlangoni hapana.

Pwani Kasi
Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja atafikaje Kilifi? Gari la pamoja linawasubiri wa vyombo vikubwa.

Dada wa Dawati
Wote wawili mna hoja. Vyombo vingine vinakataza kupokea chochote, vingine vinanyamaza. Angalau anayelipa nauli alipe kiwango kimoja kwa wote na kila anayepokea asaini, na isihusishwe na habari kutoka au kutotoka.

Kamba Mbili
Nyamisati, mwaliko wenyewe uwe hivi, ndani ya barua pepe, usifichwe kwenye PDF pekee. Uende kwa mhariri wa habari na nakala kwa mwandishi wa afya, Alhamisi ya wiki inayotangulia. Kumbusho liende Jumatano mchana.

> Mwaliko kwa vyombo vya habari: matokeo ya utafiti wa malaria
> Siku: Alhamisi, 14 Mei 2026
> Saa: 4:00 asubuhi (10:00). Vifaa vya kamera vifike 3:15. Tutamaliza 5:00.
> Mahali: [ukumbi, jengo, geti la kuingilia, kiungo cha ramani, mahali pa kuegesha]
> Wazungumzaji: [majina kamili, vyeo, lugha]. Maswali: dakika 25.
> Picha: maabara, baada ya mkutano, watu 6 kwa zamu. Wagonjwa hawatapigwa picha.
> Kujiandikisha: jina, chombo, namba ya kitambulisho, kabla ya Jumatano saa 10 jioni.
> Embago: nyaraka zinapatikana mapema kwa watakaokubali kwa maandishi kutozitangaza kabla ya Alhamisi 14 Mei, 01:30 kwa saa za Afrika Mashariki (usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi). Mkutano wenyewe hauna embago.
> Mawasiliano: [mtu mmoja, namba inayopokelewa]

Saa 4 si bahati nasibu. Inawaacha wahariri wamalize kikao, na ukifunga saa 5 redio inawahi taarifa ya saa 7 mchana na televisheni ya saa 2 usiku. Ule mstari wa "mkutano wenyewe hauna embago" msiuache. Ukikosekana, mwandishi makini atakaa na habari mfukoni akisubiri ruhusa.

Nyamisati
Nimeelewa. Nampelekea mkurugenzi. Ila amesisitiza televisheni moja anayoiamini iletwe Jumatano kurekodi mahojiano kabla.

Dada wa Dawati
Kurekodi kunawezekana kama wamesaini. Lakini vyombo vingine vikiuliza, muwape nafasi hiyohiyo. Tukigundua mmoja alipendelewa, mwaliko wenu ujao utakaa kwenye boksi la barua bila kufunguliwa.

Chogo
Na huyo aliyerekodi akiirusha Jumatano usiku?

Kamba Mbili
Piga simu kwa jarida papo hapo, usisubiri asubuhi. Wao ndio wanaoamua kama embago imeondoka. Wakisema imeondoka, watumie taarifa wote waliosaini dakika ileile, ili wasikae wakitii kitu ambacho hakipo tena.