Kikundi cha Ukoo: Chungwa linaelea, karafuu imezama

Zuhura: Asalaam aleikum jamani. Jana nimetengeneza maji ya kupulizia shuka na mito, chupa mbili. Kila moja maji 90 ml, spiriti ya duka la dawa ile ya asilimia 70 nikatia 10 ml, na mafuta ya kunukia matone 40, moja ya chungwa, nyingine ya karafuu. Nikatikisa mpaka yakawa meupe. Leo asubuhi ya chungwa yanaelea juu kama mafuta ya mchuzi, ya karafuu yamelala chini kama shanga. Na foronya yangu nyeupe imeingia doa la manjano.

Shangazi Mwanakhamisi: Waleikum salaam. Hiyo karafuu umeuziwa iliyochakachuliwa mwanangu. Mafuta gani yanazama?

Mjomba Hamadi: Dada, ya karafuu huzama. Ni mazito kuliko maji. Kule Pemba tukikamua makonyo, mafuta tunayateka chini, maji ndiyo yanakaa juu. Yangeelea ndipo angeanza kutia shaka.

Salma: Zuhura tia chumvi kijiko kimoja, mafuta yanashika kwenye chumvi kisha ndiyo uweke maji. Mimi nafanya hivyo, halafu natikisa kila nikitaka kupuliza.

Mjomba Hamadi: Salma, hapo kwenye kutikisa uko sawa. Ila chumvi ikishayeyuka majini mafuta yanabaki peke yake kama mwanzo, na shuka nyeusi itakuonyesha alama za chumvi.

Zuhura: Lakini mjomba si nimetia spiriti? Niliambiwa ndiyo inayounganisha.

Mjomba Hamadi: Piga hesabu. Kwenye zile 10 ml, spiriti yenyewe ni 7 tu, iliyobaki ni maji. Ukaongeza maji 90. Kwa hiyo chupa nzima ina spiriti asilimia 7, haiwezi kushika mafuta. Ule weupe uliouona ulikuwa mafuta yamekatika vipande vidogo vidogo, kama tui. Na tui ukiliacha si linapanda juu?

Bibi Mwanaidi: Mbona marashi yangu ya mawaridi hayajitengi, miaka yote namiminia kwenye mrashi?

Mjomba Hamadi: Shikamoo mama. Marashi ni maji ya mvuke wa maua, yana harufu kidogo tu iliyokwisha kuyeyuka. Zuhura amemimina mafuta matupu, ndiyo tofauti.

Mjomba Hamadi: Zuhura, tafuta spiriti ya asilimia 95, iwe safi. Ile ya bluu au zambarau ya kuwashia jiko usiiguse. Mafuta yatangulie ndani ya spiriti, zungusha chupa mpaka iwe angavu kabisa. Maji yaje mwisho, kidogo kidogo. Ukiona ukungu, simama. Spiriti 75 na maji 25 ni pazuri kuanzia. Chungwa matone 20, karafuu usizidishe 10, inawasha ngozi na uso ndio unaolala juu yake.

Salma: Mimi nina polisobeti 20, natumia kwenye losheni. Haifai?

Mjomba Hamadi: Inafaa. Changanya na mafuta kwanza, sehemu 4 kwa 1 ya mafuta, chungwa huenda likataka zaidi. Ila shuka itabaki na unatonato ukizidisha, na chupa yenye maji matupu bila spiriti wala kihifadhi itaota ukungu, safari hii ule wa kuoza.

Shangazi Mwanakhamisi: Na mimi nafukiza udi chumbani kila Alhamisi. Napuliza kabla au baada?

Mjomba Hamadi: Chetezo kizimwe kwanza, dada! Spiriti kiasi hicho inashika moto. Hata pasi, ngoja shuka ikauke.

Bibi Mwanaidi: Na shuka yenye spiriti mtu ataisalia?

Shangazi Mwanakhamisi: Nimesikia ikishakauka hakuna neno.

Bibi Mwanaidi: Mimi nilisikia vingine. Muulizeni sheikh, mie nabaki na marashi yangu.

*Jumamosi*

Zuhura: Mjomba, nimepata spiriti. Karafuu imetulia, siku ya tatu hii hakuna kitu chini. Chungwa nilitaka kubana matumizi, nikatia spiriti 50 na maji 50. Kabla maji hayajaisha likageuka tui!

Mjomba Hamadi: Chungwa ni gumu kuliko karafuu, linataka spiriti kali zaidi. Umelimwaga?

Zuhura: Hapana, nimerudisha spiriti kidogo kidogo nikizungusha. Likawa jeupe, likafifia, halafu ghafla naona vidole vyangu upande wa pili wa chupa.

Mjomba Hamadi: Hapo hapo. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, likauke, uangalie kama limeacha alama.

Zuhura: Nimejaribu, safi. Lile doa la karafuu la mwanzo ndilo halitoki, nimeanika juani siku mbili.

Salma: Limao na chumvi!

Bibi Mwanaidi: Salma na chumvi yako. Zuhura, mletee foronya bibi yako niione.