Naomba ushauri: CV ya ukurasa mmoja, sijawahi kuajiriwa

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa mwisho, shahada ya uhasibu, na natafuta nafasi ya mhasibu msaidizi. Sijawahi kuajiriwa. Nilicho nacho ni fildi ya wiki nane kwenye halmashauri, nikilinganisha daftari la fedha na taarifa za benki, utafiti wa mwisho kuhusu marejesho ya mikopo ya vikoba, na uweka hazina wa chama cha wanafunzi.

Rasimu ya kwanza ilifika kurasa mbili. Nimeondoa shule ya msingi, dini, hali ya ndoa na "napenda kusoma na kusafiri", nikaweka elimu juu kabisa. Bado mistari sita inazidi, na wadhamini watatu pekee wanakula robo ya ukurasa.

Maswali yangu: fildi niiweke chini ya "Uzoefu wa kazi", au niipe kichwa chake, "Mafunzo kwa vitendo"? Naogopa mwajiri ataona namdanganya. Pili, tangazo halijataja wadhamini. Nibakize majina na simu tu, au niwaondoe wote nipate nafasi ya kueleza kazi ya uweka hazina?