Mrejesho: mchoro wa nyumba ya Mji wa Kale umefunga

Niliuliza: "Nimepima kuta zote za nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, mbona mchoro haufungi?"

Ahsanteni sana. Nilidhani kila kona ni nyuzi 90. Jana nilirudi na ndugu yangu, tukapima kona kwa kona. Chumba cha mita 4.20 kwa 3.10 kingekuwa mstatili kamili, kila mshazari ungekuwa 5.22. Tukapata 5.31 na 5.13! Nikachora ukuta wa 4.20, nikazungusha bikari 3.10 kutoka ncha moja na 5.31 kutoka ya pili. Zilipokatana ndipo kona. Mshazari wa 5.13 niliuweka wa kuhakiki, ukalingana.

Unene wa ukuta wa matumbawe tuliupimia mlangoni: sentimita 52. Mimi nilichora 20.